Ratiba ya marudio inayojipanga upya

Ratiba ya marudio ya mtihani kwa kawaida huchorwa kwa rula kwenye karatasi ya manila, siku zikiwa juu na saa zikiwa pembeni, kila chumba kikiwa na jina la somo. Ndani ya chumba kimoja cha karatasi hiyo huwa kumefungwa mambo mawili: wakati wa kusoma na kitu cha kusomwa. Jumatatu saa mbili usiku ni vekta, Jumanne ni urithi, Jumatano ni trigonometria. Kufungwa huko pamoja ndiko kunakoiua ratiba. Jumatano umeme ukikatika, trigonometria haina pa kwenda, kwa sababu Alhamisi tayari ina mwenyewe. Msomaji ana njia mbili tu: airuke mada, au aibebeshe Alhamisi mada mbili. Wengi huchagua njia ya pili, nayo hufanya kazi siku moja au mbili. Wiki ya ugonjwa ikiingia, madeni matano yanarundikana juu ya vipindi vitano vya wiki inayofuata, kumi kwa jumla, na karatasi ya manila inabaki ukutani kama pambo.

Dawa yake ni kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Orodha ya kwanza iwe ya nafasi, yaani siku na saa ambazo mtahiniwa kweli anaweza kukaa na daftari, bila kutaja atasoma nini. Orodha ya pili iwe ya kazi, yaani mada zilizokatwa katika vipande vya saa moja moja na kupangwa kwa mfuatano, bila kutaja tarehe. Orodha ya pili ni foleni kama ile ya zahanati: aliye mbele ndiye anayeingia mlango ukifunguka. Mlango usipofunguka leo, hakuna anayepoteza namba yake, wote wanasubiri ufunguke kesho. Kikumbusho cha kila siku basi hakiandikwi mapema na mtu. Kinapatikana kwa kuikutanisha nafasi inayofuata na kazi iliyo mbele kwenye foleni, na kukutanisha huko hufanywa upya kila usiku.

Jambo hili huonekana vizuri kwa mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne nchini Tanzania, ambaye hana kengele ya shule wala mwalimu wa zamu wa kumfukuza darasani. Mtahiniwa wa mfano huu anauza duka mchana na anarudia masomo matatu: Hisabati, Baiolojia na Jiografia. Tuchukulie kwamba pepa yake ya kwanza ni Jumatatu tarehe 9 Novemba 2026 na kwamba anaanza marudio Jumatatu tarehe 7 Septemba. (Tarehe ya pepa hapa ni ya mfano, ya kweli hutoka kwenye ratiba ya Baraza la Mitihani.) Katikati kuna wiki 9. Duka linafungwa saa moja na nusu usiku, kwa hiyo anaweza kusoma kuanzia saa mbili usiku siku za Jumatatu hadi Alhamisi, na Jumamosi saa tisa alasiri shangazi akimshikia duka. Ijumaa na Jumapili hazimo kabisa. Hizo ni nafasi 5 kwa wiki, 45 kwa jumla.

Upande wa kazi, amechagua mada 6 kwa kila somo. Hisabati ndiyo iliyomwangusha mwaka uliopita, hivyo kila mada ya Hisabati inapewa vipindi vitatu: cha kwanza kusoma na kufuata mifano, cha pili kufanya maswali, cha tatu kufanya swali la mtihani uliopita kwa kuangalia saa. Baiolojia inapata vipindi viwili kwa mada, Jiografia kimoja. Jumla ni 18, 12 na 6, yaani vipindi 36. Nafasi 45 ukitoa kazi 36 zinabaki 9. Hizo 9 ndizo akiba, na ndiyo namba moja ambayo mfumo wote unaizunguka. Anayejaza nafasi zote 45 kwa kazi 45 amejipangia kushindwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuna wiki 9 katika maisha ya mtu mzima zisizo na msiba, mgeni, homa wala giza la umeme.

Swali linalofuata ni akiba ikae wapi. Kuna wanaoiweka kila Jumamosi, siku ya kulipa madeni ya wiki. Inaonekana nadhifu, lakini ina kasoro: wiki isiyo na deni Jumamosi yake inapotea bure, na wiki yenye madeni manne Jumamosi moja haitoshi. Ndani ya foleni akiba haina siku yake. Kazi zinaingia kwenye nafasi zinazofuatana bila pengo, na nafasi 9 zinazobaki zinajikusanya zenyewe mwishoni, karibu na mtihani. Kila kipindi kinachokosekana kinakula moja kutoka huko nyuma. Ikibaki yoyote mwishoni, inatumika kufanya pepa nzima za miaka iliyopita.

Mpangilio wa ndani ya foleni nao haujali bahati nasibu. Vipindi vitatu vya vekta havifuatani, vinachanganywa na mada nyingine ili kati ya kimoja na kingine zipite siku kadhaa. Tangu majaribio ya Mjerumani Hermann Ebbinghaus yaliyochapishwa mwaka 1885, imeonekana tena na tena kwamba jambo lililorudiwa kwa kuachanisha siku hukaa kichwani kuliko lililorudiwa mfululizo usiku mmoja. Kwa mtahiniwa mwenye nafasi 5 kwa wiki, kuacha mistari mitano kati ya kipindi cha kwanza cha mada na cha pili ni sawa na kuacha wiki moja na siku au zaidi kidogo. Na kwa kuwa foleni inasogea yote kwa pamoja, mfuatano huu haupotei kipindi kikikosekana. Cha pili hakiwezi kukitangulia cha kwanza.

Vifaa vinavyohitajika ni jedwali la Google Sheets na kalenda ya simu, vyote vya bure. Jedwali lina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza unaitwa Mada: safu ya A ni kazi, B ni somo, C ni tarehe ambayo kazi ilikamilika. Ukurasa wa pili unaitwa Nafasi, na safu yake ya A ina siku na saa ya kila nafasi, zote 45. Tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka, kwa namna ya 2026-09-07 20:00. Ukiandika 07/09 na jedwali limewekwa kwa mtindo wa Kimarekani, litaisoma tarehe hiyo kama 9 Julai, na vikumbusho vya Septemba vitatoweka bila kelele.

Hapo pia ndipo penye mtego wa saa, ambao ni wa kwetu hasa. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili akisema saa mbili usiku, mkono unaandika 2:00, na simu inaielewa kuwa saa nane usiku. Kikumbusho kinalia watu wamelala, kinazimwa gizani, na asubuhi mtahiniwa hakumbuki kama kililia. Saa mbili usiku ni 20:00, saa tisa alasiri ni 15:00. Anayetaka kuamka saa kumi na moja alfajiri aandike 05:00. Kutumia saa za 24 katika jedwali zima kunaondoa utata wa asubuhi na jioni, na kosa likiwepo linaonekana kwa macho: nafasi yoyote iliyo chini ya 05:00 inastahili kutazamwa mara mbili.

Maandishi ya safu ya kazi ndiyo yatakayosomeka kwenye kioo cha simu, kwa hiyo yaandikwe kama agizo linaloweza kuanza kutekelezwa palepale. “Hisabati” pekee si kazi, ni jina la somo. Mtu aliyechoka akiliona atafungua daftari, atageuza kurasa, atasoma alichokwisha kukijua. “Vekta 2: maswali 5 ya kujumlisha, daftari la kijani” haliachi mwanya wa kuzurura.

Namba ya akiba inapatikana kwa fomula moja, inayowekwa kwenye kisanduku E1 cha ukurasa wa Mada:

```
=COUNTIF(Nafasi!A2:A,">"&NOW())-COUNTIFS(Mada!A2:A,"<>",Mada!C2:C,"")
```

Sehemu ya kwanza inahesabu nafasi ambazo bado hazijapita. Ya pili inahesabu kazi zilizoandikwa ambazo safu yake ya C iko tupu, yaani hazijafanyika. Tofauti yake ni akiba. Tarehe 6 Septemba, kabla ya kuanza, E1 isome 9. Ikisoma vingine, kuna mstari uliosahauliwa au tarehe iliyoandikwa vibaya.

Kazi ya kuzikutanisha orodha mbili inafanywa na programu fupi inayokaa ndani ya jedwali lenyewe, kwenye menyu ya Extensions, sehemu ya Apps Script. Menyu hiyo haipo kwenye programu ya simu, hivyo siku hiyo moja inahitajika kompyuta, hata ya kuazima au ya kibanda cha intaneti. Baada ya hapo kila kitu kinaendeshwa kwa simu.

```
function panga() {
  const kitabu = SpreadsheetApp.getActive();
  const kalenda = CalendarApp.getCalendarsByName('Marudio')[0];
  const sasa = new Date();
  const mbele = new Date(sasa.getTime() + 90 * 864e5);
  kalenda.getEvents(sasa, mbele).forEach(e => e.deleteEvent());
  const soma = jina => kitabu.getSheetByName(jina)
    .getDataRange().getValues().slice(1);
  const foleni = soma('Mada').filter(r => r[0] && !r[2]);
  const nafasi = soma('Nafasi').filter(r => r[0] > sasa)
    .sort((a, b) => a[0] - b[0]);
  foleni.slice(0, 10).forEach((m, i) => {
    if (!nafasi[i]) return;
    const anza = nafasi[i][0];
    const isha = new Date(anza.getTime() + 60 * 60000);
    kalenda.createEvent(m[0], anza, isha).addPopupReminder(10);
  });
}
```

Ikisomwa kwa lugha ya kawaida, programu inafanya hivi: inafuta vikumbusho vyote vijavyo vilivyomo kwenye kalenda iitwayo Marudio, inakusanya kazi ambazo hazina tarehe ya kukamilika, inakusanya nafasi ambazo hazijapita, kisha inazipanga kazi kumi za mbele kwenye nafasi kumi za mbele, moja kwa moja, kila moja na mlio wa dakika 10 kabla. Haijali kilichokosekana wala sababu yake, na haikumbuki jana ilipanga nini. Hapo ndipo uimara wake ulipo: kwa kuwa inaanza upya kila mara, haiwezi kujikanganya.

Neno “inafuta” lisipitwe haraka. Kalenda ya Marudio lazima iwe kalenda ya peke yake, iliyofunguliwa kwa kazi hii tu. Anayeielekeza programu kwenye kalenda yake ya siku zote atakuta tarehe ya kliniki na harusi ya binamu zimefutwa pamoja na vekta. Jina nalo liandikwe sawasawa, M kubwa ikiwa M kubwa, maana programu isipoiona kalenda itagoma.

Mara ya kwanza programu inapoendeshwa, Google huomba idhini na huonyesha onyo kwamba programu hiyo haijathibitishwa. Onyo hilo ni la kawaida kwa programu ambayo mtu ameiandika mwenyewe. Inabonyezwa Advanced na kuendelea. Kwa programu iliyotumwa na mtu asiyejulikana, onyo hilohilo lichukuliwe kwa uzito wake. Kisha kwenye sehemu ya Triggers inawekwa kwamba panga iendeshwe kila siku kati ya 10pm na 11pm, yaani saa nne na saa tano usiku, baada ya kipindi cha siku kwisha. Google huchagua yenyewe dakika ndani ya saa hiyo. Majira ya jedwali na ya programu yote mawili yawe ya GMT+03:00. Akaunti iliyofunguliwa bila kujali jambo hili inaweza kuwa imebaki na majira ya Marekani, na dalili yake ni vikumbusho vyote kusogea kwa idadi ileile ya saa.

Kwa nini kazi kumi, wakati ya kesho ingetosha? Kwa sababu ya bando. Kikumbusho cha kalenda kikishafika kwenye simu kinalia hata bila intaneti, lakini ili kifike simu lazima iwe imeunganishwa walau mara moja. Nafasi kumi ni wiki mbili, kwa hiyo bando likiisha Jumanne, simu bado inajua la kufanya hadi wiki ya pili, ingawa mpangilio hautakuwa umesahihishwa. Kalenda mpya pia huwa haionekani yenyewe kwenye kila simu. Kwenye mipangilio ya programu ya Google Calendar jina la Marudio liwekewe alama ili lisawazishwe. Na kwa simu zenye tabia kali ya kubana betri, ambazo huzizima programu zinazofanya kazi kwa nyuma, Google Calendar iondolewe kwenye orodha ya zinazobanwa. Jaribio ni rahisi: iwekwe nafasi ya uongo dakika 20 mbele, panga iendeshwe kwa mkono, simu ifungwe kioo na kuachwa mezani.

Sasa mfumo unaweza kutazamwa ukifanya kazi. Wiki mbili za kwanza zinakwenda vizuri isipokuwa Jumatano tarehe 16 Septemba. Jioni hiyo mzigo wa duka umechelewa kufika, na kipindi cha “Trigonometria 1” kinapita. Mtahiniwa hafanyi chochote, na hapo ndipo penye siri ndogo ya muundo huu. Hakuna kitufe cha kusema “nimekosa”, kwa maana mtu aliyekosa ndiye asiye na hamu ya kukigusa. Kukosa ni safu ya C kubaki tupu. Usiku programu inaona trigonometria bado iko mbele ya foleni, inaipa Alhamisi. Iliyokuwa ya Alhamisi, utoaji takamwili, inakwenda Jumamosi, na ya Jumamosi inakwenda Jumatatu. Asubuhi E1 inasoma 8. Hakuna siku iliyobebeshwa vipindi viwili, na hakuna mada iliyorukwa.

Muundo huu una kosa lake pia, nalo ni kusoma kisha kusahau kuandika tarehe. Matokeo yake ni kuletewa kazi ileile kesho yake, jambo linaloonekana mara moja na kurekebishwa kwa sekunde tano. Mfumo wa kinyume chake, unaohesabu kipindi kuwa kimefanyika kwa sababu tu saa yake imepita, hukosea bila kuonekana, na mtu huja kugundua mwezi wa mtihani kwamba nusu ya mada zake zimefanyika kwenye karatasi tu. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza ndilo la kuchagua.

Wiki ya tatu, kuanzia tarehe 21 Septemba, inakuja malaria. Vipindi vyote 5 vinapita. Jumapili tarehe 27, mtahiniwa akiwa amepata nafuu, hesabu iko hivi: nafasi 15 zimepita, 30 zimebaki, kazi 9 zimefanyika, 27 zimebaki, akiba ni 3. Jumatatu simu inamletea kazi moja, ileile iliyokuwa ikisubiri kabla ya homa. Kwa ratiba ya manila angeamkia madeni matano.

Akiba ya 3 isomwe pamoja na muda. Theluthi moja ya wiki imekwisha, lakini theluthi mbili za akiba zimetumika. Akiba inayoisha haraka kuliko wiki ni dalili ya mapema, na hapo ndipo pa kuamua, wakati bado kuna nafasi ya kuchagua. Uamuzi wa kwanza ni kuangalia kama kuna nafasi ya kweli inayoweza kuongezwa, mfano Jumapili moja baada ya ibada. Nafasi hiyo iandikwe kwenye ukurasa wa Nafasi, na akiba inapanda kwa moja. Kuandika Jumapili zote sita zilizobaki kwa sababu ya hofu kunapandisha namba lakini hakuongezi masomo. Wiki mbili baadaye Jumapili hizo zitakuwa zimekosekana na namba itashuka ilipokuwa.

Kuna jambo jingine ambalo pengo la ugonjwa linaleta na ambalo programu hailioni. “Vekta 2” ilipangwa kuja takriban wiki moja baada ya “Vekta 1”. Sasa inakuja baada ya wiki mbili na zaidi, na pengine cha kwanza kimefutika. Safu ya C, kwa kuwa ina tarehe na si alama ya tiki tu, inamwezesha mtahiniwa kuona hivyo. Zikipita zaidi ya siku 14, dakika 10 za mwanzo za kipindi zitumike kuandika kwenye karatasi tupu kila anachokikumbuka kuhusu mada hiyo, daftari likiwa limefungwa. Yakitoka yanayotosha, kipindi cha pili kiendelee. Yasipotoka, saa hiyo igeuzwe kuwa kipindi cha kwanza tena, na safu ya C iachwe tupu ili cha pili kije nafasi inayofuata. Gharama yake ni akiba moja, na ni gharama halali.

Oktoba inaendelea na mikosi yake ya kawaida. Kufikia Jumapili tarehe 18, vipindi vingine 4 vimepita. Nafasi zilizobaki ni 15, kazi zilizobaki ni 16, na E1 inasoma -1. Programu haitalalamika; itaendelea kupanga kumi kumi kama kawaida, na kazi ya mwisho kwenye foleni ndiyo itakayokosa nafasi. Yaani bila uamuzi wa mtu, kinachoachwa ni kilichoandikwa mwisho, si lazima kile chenye thamani ndogo. Namba hasi ni agizo la kukaa chini na kukata.

Cha kukata kwanza ni vipindi vya tatu vya mada ambazo cha pili kilikwenda vizuri. Mtu aliyepata maswali manne kati ya matano ya takwimu atafaidika kidogo na saa ya ziada ya takwimu. Kukata kipindi kimoja cha namna hiyo kunairudisha akiba kwenye 0, lakini 0 haina nafasi ya homa, na bado kuna wiki tatu. Ikilazimu kuacha mada nzima, moyo husukuma kuacha iliyo fupi, kwa mfano mada moja ya Jiografia, kwa kuwa inaonekana ndogo. Wataalamu wa upangaji wa kazi wanasema kinyume. Mwaka 1968 J. Michael Moore alichapisha kanuni ya kupanga kazi ili zichelewe chache iwezekanavyo: muda usipotosha, miongoni mwa kazi zilizokwisha kupangwa hadi hapo, iondolewe iliyo ndefu kuliko zote. Kwa mtahiniwa huyu mada ndefu ambayo hajaigusa ni “Dunia kama tufe”, vipindi vitatu. Kuiacha kunashusha kazi kutoka 16 hadi 13, na akiba inakuwa 2. Kuacha mada ya Jiografia kungeacha kazi 15 na akiba 0. Kwa njia zote mbili mada iliyopotea ni moja.

Kanuni ya Moore inazichukulia kazi zote kuwa na uzito sawa, na mitihani haiko hivyo. Kabla ya kuiacha mada ndefu, zipitiwe pepa za miaka mitano iliyopita na kuhesabiwa imetokea mara ngapi na kwa alama ngapi. Mada inayotokea kila mwaka ibaki hata kama ni ndefu, na ikatwe nyingine. Iliyokatwa isifutwe kwenye jedwali; ihamishiwe ukurasa mwingine, kwani siku zikienda vizuri akiba ikipanda inaweza kurudi.

Mfano huu umerahisishwa kwa jambo moja: nafasi zote zinaisha kabla ya pepa ya kwanza. Mtahiniwa ambaye pepa zake zimeachana kwa siku nyingi ana nafasi za katikati, na hapo kazi ya Baiolojia inayoangukia siku baada ya pepa ya Baiolojia haina maana. Wiki mbili za mwisho kazi zipangwe upya kwa mkono, zile za somo lenye pepa ya mapema zikipanda juu. Ni kuhamisha mistari tu; programu itafuata mfuatano itakaoukuta.

Kwa walio bweni, ambako simu haziruhusiwi, mfumo huu unahamia kwenye kadi bila kupoteza kitu cha msingi. Kila kazi inaandikwa kwenye kipande cha manila cha ukubwa wa kiganja, na kadi zote 36 zinafungwa kwa mpira kwa mfuatano wa foleni. Nafasi ni prepo, kikumbusho ni kengele. Kadi ya juu ndiyo ya leo. Ikifanyika inaandikwa tarehe na kuwekwa kwenye bahasha, isipofanyika inabaki juu. Jumapili usiku zinahesabiwa kadi zilizobaki na prepo zilizobaki, ya kwanza inatolewa kwenye ya pili, na akiba inaandikwa nyuma ya bahasha kwa penseli. Shughuli yote haichukui dakika tano.

Kwa mwenye jedwali, kazi ya mwisho ni baada ya pepa ya mwisho: aingie sehemu ya Triggers na kuifuta ile ya panga. Asipoifuta haitamdhuru, kwa sababu nafasi zote zimeshapita na hakuna kitakachopangwa, lakini itaendelea kujiendesha kila usiku saa nne na kuikuta foleni haina mlango.